Herufi sita si tiketi: namna ya kuisoma karatasi ya safari ya ndege

Siku hizi tiketi ya ndege hufika kwa simu. Wakala anakutumia faili kwenye WhatsApp, unaifungua, unaliona jina lako, unaiona tarehe, unaona nembo ya shirika la ndege juu ya ukurasa, unaridhika. Mengine yote kwenye ukurasa huo, herufi zilizokatwakatwa na namba ndefu, watu wengi huziacha wakiamini kwamba ni mambo ya ofisini. Si ya ofisini. Katika hizo herufi ndimo mlimoandikwa kama umelipiwa kweli, unaondoka usiku upi, na begi lako la pili litapokelewa au litatozwa.

Nimeandaa karatasi ya mfano ya msafiri wa aina tunayemfahamu vizuri: mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo, akipitia Addis Ababa kwa ndege za Ethiopian. Jina, saa na namba ni za kubuni, lakini mpangilio ndio utakaoukuta kwenye karatasi yako.

```
MANGULA/REHEMA MRS
BOOKING REF 6XK4QT    AIRLINE REF ET/QWZPLD
TICKET NO   071 2345678901
ET DAR ADD 12NOV 17:10 19:55    Q OK 2PC
ET ADD CAN 12NOV 23:10 14:20+1  Q OK 2PC
ET CAN ADD 25NOV 00:15 06:00    Q OK 2PC
ET ADD DAR 25NOV 10:20 13:00    Q OK 2PC
NONEND/PENALTY APPLIES
```

Tuanze na mstari wa pili na wa tatu, maana hapo ndipo fedha za watu hupotelea.

Ile `6XK4QT` ni namba ya nafasi. Wengine huiita `PNR`. Huwa na herufi na tarakimu sita, na kazi yake ni moja tu: kuonyesha mahali ilipohifadhiwa kumbukumbu ya safari yako kwenye kompyuta. Wakala anaweza kuifungua kumbukumbu hiyo kwa dakika chache bila mtu yeyote kulipa hata shilingi. Anaandika jina, anachagua ndege, mfumo unamshikia kiti na kumpa zile herufi sita. Kiti hushikwa kwa muda maalumu ambao shirika limeuweka, pengine siku kadhaa, pengine saa chache tu, na muda huo ukiisha kabla ya malipo kuingia, mfumo wenyewe unafuta nafasi bila kumpigia mtu simu.

Tiketi ni kitu kingine kabisa. Inapatikana baada ya wakala au shirika kupokea malipo na kuitoa, na alama yake ni namba ya tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways. Kumi zinazofuata ni za tiketi yako peke yako. Zamani tofauti hii ilionekana kwa macho, kwa sababu tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi ambacho ukikipoteza umepoteza safari. Mashirika yaliyo chini ya IATA yaliachana na vijitabu hivyo kuanzia Juni 1, 2008. Tiketi sasa inakaa kwenye kompyuta ya shirika, na hiyo karatasi uliyotumiwa ni risiti yake tu.

Kwa hiyo mtu aliyetumiwa karatasi yenye herufi sita, majina ya viwanja, saa zote na nembo nzuri, lakini isiyo na namba ya tarakimu 13, hajakatiwa tiketi. Ameshikiwa kiti. Na hata neno `CONFIRMED` likiwepo, halibadilishi kitu, kwa sababu linasema tu kwamba kiti kimeshikwa kwa jina lako kwa sasa. Ninalisisitiza hili kwa sababu wanaoumia zaidi ni wale wanaosafiri kwa mara ya kwanza: kijana anayekwenda masomoni, dada aliyepata kazi Muscat, mzee aliyechangiwa nauli ya matibabu India. Wamelipa fedha taslimu, wamepewa karatasi ya nafasi, na wanaugundua ukweli mbele ya kaunta, ndugu waliowasindikiza wakiwa nje wanapunga mikono.

Je, ukiiona namba ya tarakimu 13 basi umeshafika? Bado. Namba inaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Isitoshe, wakala ana ruhusa ya kuibatilisha tiketi aliyoitoa, kwa kawaida kabla siku hiyohiyo haijaisha, ili kusahihisha makosa. Ruhusa hiyo ina maana nzuri, lakini mtu asiye mwaminifu anaweza kutoa tiketi asubuhi, akakutumia karatasi halali kabisa, kisha jioni akaibatilisha na kubaki na nauli yako. Karatasi iliyo mkononi mwako haitabadilika. Kilichobadilika ni kumbukumbu iliyo kwenye shirika.

Dawa yake ni kwenda kwenye chanzo. Fungua tovuti ya shirika lenyewe, kwa anwani uliyoiandika mwenyewe, usipitie kiungo ulichotumiwa. Tafuta sehemu iitwayo `Manage Booking` au `My Trips`, uandike namba ya nafasi na jina la ukoo. Hapa wengi hukwama. Wanaandika ile `6XK4QT`, tovuti inajibu kwamba haipo, na moyo unaruka. Tazama tena mstari wa pili wa mfano wetu. Namba za nafasi ziko mbili. Ya kwanza ni ya mfumo wa wakala, na ya pili, `QWZPLD`, ndiyo ya mfumo wa Ethiopian. Tovuti ya shirika mara nyingi inaitambua hiyo ya pili tu. Kama karatasi yako ina moja, mwombe wakala akupe ya shirika. Wakala aliyeweka nafasi ya kweli huipata papo hapo. Anayezungushazunguka kwa swali hili amekwisha kukujibu.

Safari ikifunguka, tafuta namba ya tiketi humo ndani, uilinganishe na ya kwenye karatasi. Kama tovuti haionyeshi, piga simu au nenda ofisi ya shirika, uwatajie namba ya tiketi, uwaulize hali yake. Jibu unalolitaka ni `OPEN`, yaani tiketi iko hai na haijatumika. `VOID` ni imebatilishwa, `REFUNDED` fedha zake zimekwisha kurudishwa kwa mtu, na `EXCHANGED` imebadilishwa kuwa tiketi nyingine, hivyo uliza namba mpya. Ukaguzi huu ufanye siku uliyopokea karatasi, kisha uurudie baada ya siku mbili hivi, kwa sababu ya ule mchezo wa kubatilisha jioni. Na usishtuke tarakimu tatu za mwanzo zikiwa za shirika tofauti na ndege utakayopanda. Mashirika huuziana viti, na tiketi iliyotolewa na moja huweza kukubalika kwenye ndege ya jingine. La muhimu ni kwamba wenye ndege wanaiona.

Sasa tuingie kwenye mistari ya safari. Kila mstari ni ndege moja: shirika, kiwanja cha kuondokea, kiwanja cha kufikia, tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, daraja la nauli, hali ya nafasi, mzigo. Karatasi halisi huweka na namba ya ndege baada ya zile herufi mbili za shirika.

Viwanja huandikwa kwa herufi tatu, na herufi hizo hazifuati jina sikuzote. `CAN` ni Guangzhou, kutokana na jina la zamani la Canton, wala haihusiani na Kanada. Kilimanjaro ni `JRO`, Entebbe ni `EBB`. Kwetu pwani kuna mtego mmoja unaostahili kuangaliwa: Pemba ya Zanzibar ni `PMA`, ilhali `POL` ni mji wa Pemba ulioko kaskazini mwa Msumbiji. Anayejikatia tiketi mwenyewe mtandaoni aangalie herufi, jina peke yake halitoshi. Nairobi nayo ina viwanja viwili vinavyotumika na abiria, `NBO` ambacho ni Jomo Kenyatta na `WIL` ambacho ni Wilson. Karatasi ikionyesha umefika kwa kimoja na unaondoka kwa kingine, una safari ya gari katikati ya jiji lenye foleni.

Hali ya nafasi ndiyo ile `OK` kwenye mfano. Kwenye karatasi za wakala utaiona mara nyingi kama `HK1`: nafasi imeshikwa, kwa mtu mmoja. Familia ya watu wanne itaona `HK4`. Alama inayotakiwa kukusimamisha ni `HL`, kwa kuwa inasema uko kwenye orodha ya kusubiri, au `RQ`, kwamba kiti kimeombwa na jibu halijaja. Kuna karatasi ambazo mistari mitatu ni `HK` na mmoja wa katikati ni `HL`. Kwa macho ya haraka zote zinafanana, lakini mwenye karatasi hiyo anaweza kufika Addis asiwe na ndege ya kuendelea. `UN` inaeleza kwamba ndege hiyo haipo tena kwenye ratiba, na `HX` kwamba shirika limeifuta nafasi.

Kisha kuna `TK`, ambayo hapa si jina la Turkish Airlines, ingawa nalo hutumia herufi hizohizo. Likikaa kwenye sehemu ya hali ya nafasi, linaeleza kwamba saa zimebadilika na umewekwa kwenye saa mpya. Hili hutokea sana kwa tiketi zilizokatwa miezi mitatu minne kabla. Mara nyingi ni dakika kumi au ishirini na hakuna neno. Tatizo linakuja mabadiliko yakiwa makubwa, tuseme shirika limekuhamishia ndege nyingine au siku nyingine. Nafasi yako sasa inasema ndege mpya, lakini tiketi bado imeandikwa ndege ya zamani. Mpaka mtu aioanishe tiketi na nafasi, mhudumu wa kaunta anaweza kuona abiria mwenye kiti asiye na tiketi ya kiti hicho, na mnaanza kuhangaika muda ukiwa unakwenda. Basi ukiona saa za kwenye tovuti zimetofautiana na za kwenye karatasi yako, usiishie kumwuliza wakala kama ameziona. Mwulize kama tiketi nayo imetolewa upya kufuata ratiba mpya, na akutumie karatasi mpya.

Kuhusu saa, sisi tunaosema Kiswahili tuna kazi ya ziada, kwa kuwa siku yetu huanza kuhesabiwa asubuhi na ya karatasi huanza usiku wa manane. Saa za karatasi ni za saa 24, tena ni za mahali ndege ilipo wakati huo. 17:10 ya Dar es Salaam ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni. 23:10 ya Addis ni saa tano na dakika kumi usiku, na kwa kuwa Addis na Dar ziko saa moja, hakuna hesabu ya kufanya. Lakini 14:20+1 ni saa nane na dakika ishirini mchana ya Guangzhou, siku inayofuata, yaani tarehe 13. China iko mbele yetu kwa saa tano. Mwenyeji anayekuja kumpokea Rehema aambiwe tarehe 13, na hoteli iwekwe kuanzia tarehe 13.

Mstari wa kurudi ndio wenye hatari zaidi: `25NOV 00:15`. Hii ni saa sita na robo usiku. Lakini ya usiku upi? Kalenda ya karatasi hugeuza siku saa sita kamili usiku, hivyo dakika 15 baadaye tayari ni tarehe 25. Kwa lugha yetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 25. Rehema anatakiwa awe uwanjani Guangzhou tarehe 24, mnamo saa tatu usiku. Akisubiri usiku wa tarehe 25, ndege yake itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Ukiona saa yoyote inayoanza na 00, 01, 02 au 03, chukua kalamu uandike pembeni kwa Kiswahili, “usiku wa kuamkia tarehe fulani”, na dereva umwambie hivyohivyo.

Jina ni jambo la kukagua siku ileile unapopokea karatasi, kwa sababu kosa likiwahiwa wakala anaweza kulirekebisha kwa urahisi, na likichelewa huweza kugharimu tiketi mpya. Mpangilio ni jina la ukoo, mkwaju, jina la kwanza, halafu cheo kama `MR` au `MRS`. Wakati mwingine cheo hugandishwa kwenye jina na kuwa `REHEMAMRS`. Hilo ni kawaida, halihesabiwi kuwa kosa. Wenye majina yenye ng' nao wasiwe na wasiwasi: mifumo ya tiketi haina ile alama ya king'ong'o, kwa hiyo Mang'ula huandikwa `MANGULA`, na hata ile mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti huiacha. Yasiyovumilika ni majina kubadilishana nafasi, herufi kupungua au kuzidi, na kutumia jina ambalo mtaani wanakuitia lakini kwenye pasipoti halipo. Ifungue pasipoti, uiweke kando ya simu, ulinganishe herufi kwa herufi.

Kwa mzigo, `2PC` ni mabegi mawili. Karatasi haikuambii uzito wa kila begi kwa alama hiyo. Katika daraja la kawaida kilo 23 kwa begi ndiyo desturi ya mashirika mengi, lakini usikisie, uliza. Ukiona `30K`, hapo hesabu ni ya kilo 30 kwa jumla. Na `0PC` au `NIL` ni kwamba tiketi haina mzigo wa kukabidhi hata kilo moja, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuliko nyingine. Kwa mtu wa Kariakoo anayerudi na mzigo, tofauti kati ya `2PC` na `1PC` inaweza kula nafuu yote aliyoipata kwenye nauli. Asome kila mstari, hasa kama safari ina shirika zaidi ya moja.

Herufi `Q` ni daraja la nauli. Abiria wa `Q` na wa `Y` huweza kukaa viti jirani na kula chakula kimoja, ila masharti ya tiketi zao ni tofauti. `Y` kwa kawaida ndiyo nauli kamili ya daraja la kawaida, na herufi nyingine za daraja hilo ni nauli zilizopunguzwa kwa masharti. Masharti yenyewe hufupishwa chini. `NONEND` inakataza tiketi kuhamishiwa shirika jingine, na `PENALTY APPLIES` inaonya kwamba ukibadili tarehe au kughairi utatozwa. Ukikuta `NONREF`, nauli hairudishwi. Baadhi ya karatasi huongeza `NVB` na `NVA`, tarehe ambazo tiketi haitumiki kabla yake na baada yake. Mtu anayejua kwamba mzigo wake kiwandani unaweza kuchelewa wiki nzima aulize kiasi cha tozo kabla ya kulipa.

Sharti moja haliandikwi kabisa kwenye karatasi nyingi, nalo linawakuta sana watu wa mikoani. Mistari ya tiketi moja hutumika kwa mfuatano wake. Tuseme tiketi ya Rehema ingeanzia Mwanza, `MWZ` hadi `DAR`, kisha Addis na Guangzhou. Akaamua kushuka Dar kwa basi siku mbili kabla ili amsalimie shangazi yake, akijua ndege ya Addis ataikuta palepale. Ndege ya Mwanza inaondoka bila yeye, mfumo unamhesabu kuwa hakutokea, na kwa tiketi nyingi nafasi zake zote zilizobaki zinafutwa, pamoja na ya kurudi. Akitaka kuanzia Dar, awasiliane na shirika au wakala kabla ndege ya kwanza haijaondoka, tiketi ibadilishwe ianzie Dar, na alipe tofauti kama ipo.

Na karatasi yenyewe isisambazwe. Jina la ukoo na namba ya nafasi ndiyo yale mambo mawili tuliyoyaandika kwenye tovuti kuifungua safari ya Rehema, na kwenye tovuti nyingi hakuna la tatu linaloulizwa. Aliyeiona picha ya tiketi yako kwenye hali ya WhatsApp anaweza kuingia kama wewe na kubadili kiti, na kwenye baadhi ya mashirika hata kughairi. Mwenyeji wa Guangzhou mtumie shirika, namba ya ndege, tarehe na saa ya kufika.